Tafsiri tatu za tangazo moja la fidia ya ardhi: ipi ibandikwe ubaoni, ipi isomwe barazani

Nchini Kenya, serikali inapokusudia kutwaa ardhi ya watu kwa ajili ya barabara, reli au bwawa, Tume ya Kitaifa ya Ardhi huchapisha matangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Matangazo hayo huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho muundo wake haubadiliki sana kutoka mradi mmoja hadi mwingine. Hata hivyo, mtu ambaye shamba lake limetajwa mara nyingi hana desturi ya kulisoma gazeti hilo, na habari humfikia kupitia ubao wa ofisi ya chifu, baraza, au redio inayosikika eneo lake. Katikati ya gazeti na ubao yupo mtu anayepaswa kulitia tangazo katika Kiswahili, awe mfasiri wa kulipwa, karani wa kaunti au msaidizi wa chifu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo swali lililobaki kwa mfasiri ni Kiswahili cha rejista gani, yaani cha mtindo gani wa matumizi, kinachofaa kazi hii.

Nitalinganisha rejista tatu kwa kutumia tangazo moja la mfano nililolitunga kwa kufuata muundo wa kawaida wa matangazo hayo. Jina la barabara na tarehe si za mradi wowote halisi. Tangazo lenyewe ni lile linalotolewa chini ya kifungu cha 112 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambalo linawaita watu waje kusikilizwa kuhusu fidia. Nimelichagua kwa sababu linamtaka msomaji atende jambo kabla ya muda fulani kupita, na asipolielewa anaweza kukosa kusikilizwa. Sheria inataka lichapishwe angalau siku 15 kabla ya kikao, muda ambao ni mfupi kwa tangazo linalopaswa kutafsiriwa, kukaguliwa, kubandikwa na kusomwa.

Tafsiri ya kwanza ni ile inayofuata Kiingereza neno kwa neno:

> ILANI YA UCHUNGUZI. Katika kufuatilia kifungu cha 112 cha Sheria ya Ardhi, ilani inatolewa hapa kwamba uchunguzi kwa ajili ya usikizwaji wa madai ya fidia na watu wanaovutiwa na ardhi inayohitajika kwa ujenzi wa barabara ya Majengo utashikiliwa Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa 10.00 asubuhi katika ofisi ya chifu wa Majengo. Kila mtu anayevutiwa na ardhi iliyoathirika atapeleka kwa Tume, si baadaye kuliko tarehe ya uchunguzi, dai lililoandikwa la fidia, nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, nyaraka za umiliki na maelezo ya akaunti ya benki.

Ya pili ni rasmi, lakini imejengwa kwa Kiswahili tangu mwanzo:

> TANGAZO LA KIKAO CHA KUSIKILIZA MADAI YA FIDIA YA ARDHI. Kwa mujibu wa kifungu cha 112 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, Tume ya Kitaifa ya Ardhi inatangaza kwamba itafanya kikao cha kusikiliza madai ya fidia ya ardhi inayokusudiwa kutwaliwa kwa ujenzi wa barabara ya Majengo. Kikao kitafanyika Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, katika ofisi ya chifu wa Majengo.
>
> Kila mwenye haki au maslahi katika ardhi hiyo anatakiwa kuwasilisha kwa Tume dai la fidia kwa maandishi, pamoja na nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, hati za umiliki wa ardhi na maelezo ya akaunti ya benki. Dai liwasilishwe kabla ya siku ya kikao au siku hiyo yenyewe. Wenye haki au maslahi ni pamoja na watu ambao maslahi yao yameandikwa katika sajili ya ardhi, watu wanaokaa kwenye ardhi hiyo, na wake au waume wa watu hao.

Na ya tatu ni ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu:

> Wananchi wa Majengo, serikali inakusudia kuchukua sehemu ya ardhi hapa kwetu ili ijenge barabara. Tume ya Kitaifa ya Ardhi itakuja kusikiliza madai ya fidia. Itakuja Jumanne, tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi, hapa hapa ofisini kwa chifu. Tangazo hili linakuhusu ikiwa jina lako limo katika sajili ya ardhi hiyo, au unakaa kwenye ardhi hiyo, au wewe ni mke au mume wa mtu wa namna hiyo, au una haki nyingine yoyote katika ardhi hiyo. Andika dai lako la fidia. Pamoja na dai, lete nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, karatasi za umiliki wa shamba na maelezo ya akaunti yako ya benki. Unaweza kulipeleka dai kwa Tume mapema, na mwisho wake ni siku ya kikao yenyewe. Narudia: Jumanne, tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi, hapa ofisini kwa chifu.

Tafsiri ya kwanza hupendwa na maofisa kwa sababu inaonekana salama. Kila neno la Kiingereza lina mwenzake, na anayeikagua anaweza kupitisha kidole mstari kwa mstari bila kuona pengo. Lakini usalama huo ni wa ofisi peke yake. Msomaji akiona neno uchunguzi juu ya ubao wa chifu hafikirii fidia, bali anafikiria polisi, au mtu aliyeshukiwa kwa wizi wa hati. Anayevutiwa na ardhi, kwa Kiswahili cha kila siku, ni mnunuzi anayeitamani, na si mjane anayeilima. Vilevile, ardhi iliyoathirika humfanya mtu awaze mafuriko au mmomonyoko, ilhali tangazo linataja ardhi ambayo haijaguswa bado. Maneno haya matatu yakikutana katika sentensi moja, mtu anaweza kuisoma hadi mwisho akaamini kwa moyo mweupe kwamba haimhusu.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwa urahisi, nalo liko kwenye kiunganishi na. Kifungu kisemacho madai ya fidia na watu wanaovutiwa kinaweza kusomwa kwamba kikao kitasikiliza mambo mawili, yaani madai na watu, au kwamba watu ndio wanaodai. Kiingereza huwa na neno maalumu la kumtaja mtenda katika sentensi ya kutendwa, lakini Kiswahili kinatumia na ileile inayounganisha vitu. Sentensi inapokuwa fupi hakuna shida, kwa mfano barua imeletwa na karani. Inapokuwa ndefu na nomino zimefuatana, maana hupotea. Dawa yake ni kumtanguliza mtenda na kumpa kitenzi chake, na ndivyo tafsiri ya pili inavyofanya kwa kusema Tume inatangaza na itafanya kikao.

Katika mambo yote, saa ndiyo yenye madhara ya haraka. Saa 10.00 asubuhi imenakiliwa kutoka saa ya Kiingereza, lakini anayeisoma kwa Kiswahili ataitamka saa kumi. Saa kumi ya upande huo ni alfajiri, na hakuna ofisi ya chifu inayofunguliwa alfajiri, kwa hiyo msomaji ataisahihisha mwenyewe kichwani. Mmoja ataamua ni saa nne, na mwingine ataamua mwandishi alikosea alipoandika asubuhi, kisha atafika saa kumi jioni na kukuta viti vimekwisha kupangwa ukutani. Andika saa nne asubuhi kwa maneno, usitumie tarakimu. Palipo na hofu kwamba vijana wanaotazama saa ya simu watatatizika, ongeza kipimo cha siku kisichoweza kusomwa kwa namna mbili, kama vile kabla ya adhuhuri.

Tukija kwenye tafsiri ya pili, ningependa ionekane wazi kwamba uwazi wake hautokani na kuondoa urasmi. Kwa mujibu wa imebaki, kifungu cha sheria kimebaki, kutwaa na kuwasilisha yamebaki. Kutwaa ni neno ambalo Watanzania wamelizoea katika sheria zao za ardhi, na mfasiri wa Kenya anaweza kuliazima bila wasiwasi, maana linaeleza mamlaka ya serikali bila kulipaka mtu rangi ya mnyang'anyi. Yapo maneno ya Tanzania ambayo hayavuki mpaka vizuri. Ilani huko hukumbusha kwanza sera za chama wakati wa uchaguzi, na hapa Kenya ina harufu ya onyo, kama ilani ya mgomo au ya kufurushwa. Kata ya Tanzania ndiyo wadi ya Kenya, wakati katika utawala wa machifu kata ni eneo la chifu. Ndiyo maana nimeandika tangazo badala ya ilani, na nimetaja ofisi ya chifu bila kutaja kata.

Kilichobadilika hasa ni mpangilio. Kiingereza cha kisheria hukusanya sababu, mamlaka, mahali, wakati na wajibu katika sentensi moja, na kitenzi kikuu hufika baadaye sana. Tafsiri ya pili imeitenga kazi hiyo katika sentensi zake nne za kwanza, kila moja ikijibu swali moja, na sentensi ya wajibu inaanza na mtu anayewajibika. Msomaji hahitaji kushika nusu ya habari kichwani akisubiri nusu nyingine.

Wajibu wenyewe unahitaji uangalifu. Katika uandishi wa sheria wa Kiswahili, kiambishi -ta- hutumika kuonyesha lazima, kama katika sentensi Waziri atateua wajumbe, na wanasheria huisoma hivyo. Ubaoni hali ni tofauti. Kila mtu atapeleka dai husomeka kama utabiri wa yatakayotokea. Wapo wanaokimbilia upande wa pili na kuandika kila mtu anaombwa kupeleka dai, kwa kuwa Kiswahili cha heshima hupenda kuomba. Hapo lazima imekuwa hisani, na anayeombwa anaweza kukataa bila hasara. Anatakiwa kuwasilisha linakaa mahali panapofaa, maana lina heshima ya kutosha kwa mzee na uzito wa kutosha kwa sheria. Neno ni lazima ningeliweka akiba kwa matangazo yenye adhabu.

Muda wa mwisho nao umepotoshwa mara nyingi na wafasiri wenye nia njema. Wakiona si baadaye kuliko inakwaruza sikio, huandika kabla ya tarehe ya kikao. Sentensi inakuwa laini, na haki ya mtu inapungua kwa siku nzima, kwa sababu sheria inaruhusu dai liwasilishwe hata siku ya kikao, na kabla ya inaiondoa siku hiyo. Mtu aliyechelewa kupata nakala ya hati angeamini amekwisha kupitwa, naye angebaki nyumbani. Kabla ya siku ya kikao au siku hiyo yenyewe ni maneno mengi kidogo, lakini hayamnyimi mtu kitu.

Jambo linaloweza kuleta ubishi kati ya mfasiri na ofisi ni sentensi ya mwisho ya tafsiri ya pili, kwa kuwa katika tangazo la Kiingereza mara nyingi haimo. Sentensi hiyo imetoka katika kifungu cha 107 cha sheria ileile, kinachoeleza kwamba wenye maslahi ni pamoja na yule ambaye maslahi yake yamo katika sajili, yule anayekaa kwenye ardhi, na wenzi wao wa ndoa. Mwanasheria anayesoma Kiingereza anaujua ufafanuzi huo, lakini aliyesimama mbele ya ubao haujui. Akiandikiwa mwenye shamba, ambalo ndilo neno jepesi zaidi, mpangaji na mke ambaye jina lake halimo katika hati wataondoka wakidhani aliyeitwa ni mtu mwingine. Mimi naiunga mkono nyongeza hiyo kwa sharti kwamba mfasiri aionyeshe kwa ofisi kama nyongeza, ofisi iidhinishe, na maneno ni pamoja na yabaki. Bila maneno hayo orodha inakuwa imefungwa, na mrithi anayeishi Nairobi, ambaye hati ya shamba bado ina jina la marehemu babu yake, anakuwa amefungiwa nje na mfasiri, si na sheria.

Hapa ndipo pia tafsiri ya tatu ilipo na nguvu na hatari kwa pamoja. Nguvu yake ni nafsi ya pili. Maneno tangazo hili linakuhusu ikiwa ni mwanzo wa sentensi ambayo hakuna Kiingereza cha Gazeti Rasmi kitakachoizaa, lakini barazani ndiyo inayomfanya mtu ainue kichwa. Sentensi ni fupi kwa sababu msikilizaji hana njia ya kurudi mstari wa juu, na tarehe imerudiwa kwa sababu hiyohiyo. Kutwaa kumekuwa kuchukua, na hati za umiliki zimekuwa karatasi za umiliki wa shamba, jina ambalo kila mwenye shamba analitambua. Kifungu cha sheria kimeondolewa kabisa, kwa kuwa nambari 112 haina msaada kwa sikio, na anayeitaka ataikuta ubaoni.

Hatari yake ni kwamba Kiswahili cha mazungumzo hukaribisha nyongeza. Msomaji wa baraza, akiona watu wamenuna, atataka kuwatuliza kwa kusema mtalipwa wote. Tangazo halisemi hivyo, bali linasema madai yatasikilizwa. Katiba, katika kifungu cha 40, inadai fidia ya haki ilipwe yote na bila kuchelewa pale ardhi inapotwaliwa, lakini nani analipwa na kiasi gani ni mambo yanayoamuliwa baada ya kikao. Kwa hiyo andiko la barazani lazima liwe kamili, la kusomwa neno kwa neno, na lisiwe muhtasari wa vidokezo ambao msomaji ataujaza kwa ukarimu wake. Sehemu nyingine inayoangushwa kwa urahisi ni maneno au una haki nyingine yoyote katika ardhi hiyo. Yanaonekana kama mkia usio na kazi, nayo ndiyo yanayoiacha orodha wazi kama ilivyo wazi katika sheria.

Kuhusu jedwali linaloambatana na tangazo, ambamo mna nambari za vipande vya ardhi, majina na ukubwa, rejista haina nafasi kubwa. Nambari ya kipande inakiliwe kama ilivyo, hata nukta na mkwaju. Ukubwa huandikwa kwa hekta, na hapo ningeacha hekta na kuongeza ekari pembeni, kwa sababu watu wengi wa mashambani hupima kwa ekari. Hekta 0.2 ni karibu nusu ekari, na hekta moja ni takriban ekari 2.47. Takwimu ya hekta isiondolewe, kwa kuwa ndiyo itakayolinganishwa na hati.

Basi, uchaguzi unategemea tangazo litakutana na mtu wapi. Likienda ubaoni, kwenye gazeti au mkononi mwa mtu kama barua, chagua ya pili, kwa sababu litasomwa pia na wakili, na mtoto wa chuo atakayetumwa na baba yake kulipiga picha. Likienda barazani au redioni, chagua ya tatu, na ya pili ibandikwe mahali hapohapo siku hiyohiyo, ili aliyesikia apate pa kuthibitisha. Ya kwanza haifai kutoka nje ya ofisi. Ina kazi moja tu ninayoikubali, nayo ni kuwekwa kando ya tafsiri ya pili pale mwanasheria asiye na Kiswahili kizuri anapotaka kuona kila sehemu ya Kiingereza imekwenda wapi. Wasiwasi wake una msingi, kwani hata Katiba yenyewe, katika kifungu cha 259, inasema matoleo yake ya lugha tofauti yakipingana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Akimaliza kukagua, karatasi hiyo ifungwe katika faili.

Kabla ya kubandika, mpe tafsiri mtu asiyefanya kazi ofisini aisome mara moja, kisha ichukue karatasi na umwulize mambo manne: tangazo linamhusu nani, siku na saa ngapi, alete nini, na mwisho wa kuleta ni lini. Usimwulize kama ameelewa, maana kwa adabu atajibu ndiyo. Akikosea swali la kwanza, tatizo mara nyingi liko kwenye maelezo ya wenye maslahi, na akikosea la mwisho, liko kwenye kabla ya. Akijibu yote manne lakini akaongeza kwamba serikali imeahidi kumlipa, rudi uangalie vitenzi, kwa sababu mahali fulani inakusudia imegeuka itachukua, au kusikiliza madai kumegeuka kulipa fidia.